Tofali si shida, shida ni mzigo umetua wapi

Tena wiki hii, juu kule Bugarika, Mwanza, fundi kaniambia: "Injinia, tofali halivutwi, linabanwa tu. Likiwa zima ukuta umepona." Nimechoka kulisikia hili.

Ukuta wenyewe ni wa nchi 6, yaani milimita 150, urefu wa kwenda juu mita 2.7, hauna nondo wala kona ya kuushika. Juu yake kuna jamvi la kubebea tangi la maji lililoingia nchi 3 tu, milimita 75. Upande wa pili limekalia nguzo za bomba zisizo na mishazari. Lipu usiihesabu.

Kila mita ya ukuta inabeba kilonyutoni 15 kutoka kwenye jamvi. Mzigo huo hautui katikati. Jamvi likipinda kidogo linaelemea ukingo, kwa hiyo tunauweka theluthi ya mkalio, milimita 25 kutoka usoni, sawa na milimita 50 nje ya kati. Ile theluthi ni makubaliano tu: ukweli unategemea fundi alisawazisha vipi udongo wa saruji, na hilo silioni nikiwa mezani.

Uzito wa ukuta wenyewe ni kilonyutoni 8.1 kwa mita. Chini kabisa, N ni mzigo wote, M ni nguvu ya kuupindisha ukuta, A ni eneo la mita moja ya ukuta, na Z ni kipimo cha unavyohimili kupindishwa:

```
N = 15 + 8.1 = 23.1 kN
M = 15 × 0.05 = 0.75 kNm
N/A = 0.154   M/Z = 0.200 N/mm²
```

Upande mmoja unabanwa 0.354, kidogo mno kwa tofali linalohimili 3.5. Hapo ndipo fundi anaposhangilia. Upande wa pili unavutwa 0.046, na pale chini pana nailoni ya kuzuia unyevu, ambayo haishiki mvuto hata chembe. Ufa utafunguka, na kazi itabaki kwa milimita 128 kati ya 150. Ufa huo peke yake hauangushi ukuta, nakubali. Ila uzito wa ukuta ndio unaoubana. Mzigo wa jamvi ukipita 8.1, mvuto unaanza. Tangi likijaa, hali ni mbaya zaidi, si bora.

Wembamba sasa. Kama juu hakuna kinachoushika, urefu wa hesabu ni mara mbili: 5.4 ÷ 0.15 = 36, na kikomo ni 27. Ukishikwa barabara na jamvi lililofungwa kwenye kuta nyingine, tunachukua 0.75 ya urefu na kupata 13.5. Tofali ni lile lile!

Na upepo wa ziwani je? Nikichukulia nusu kilonyutoni tu kwa mita ya mraba, ukisukuma upande ule ule wa mzigo, unaongeza M kwa 1.82. Kani inatoka milimita 111 nje ya kati, wakati nusu ya ukuta ni 75. Hapo hatuzungumzii ufa tena, ukuta unapinduka.

Kuingiza jamvi upana wote wa ukuta kunaondoa mvuto wa mzigo, lakini upepo unabaki. Nimewaambia wajenge kuta fupi za kuegemeza zilizofumwa na ule ukuta, na waweke mishazari kwenye zile nguzo. Tangi libaki tupu hadi hapo.