Kihindi si Kiingereza kilichopinduliwa

Anayejifunza Kihindi kwa vitabu vya Kiingereza huambiwa mapema kwamba lugha hii husema mambo kinyumenyume. Kauli hiyo ina ukweli kidogo, na huo kidogo ndio unaopoteza watu.

Dhana: Chukua sentensi ya Kiingereza, isome kuanzia mwisho, utapata Kihindi.

Tujaribu kusema kwamba kitabu kiko juu ya meza katika chumba cha Ram. Mhindi atasema: *Kitab Ram ke kamre mein mez par hai.* Ukifuata neno kwa neno: kitabu, Ram, -a, chumba, ndani, meza, juu, kiko. Kiima hakikuhama, kitabu kimetangulia kama katika Kiingereza na Kiswahili. Hata Ram na chumba chake wamekaa kama Kiingereza kinavyowapanga kwa ile herufi s yenye ritifaa, mwenye mali kwanza kisha mali. Kitabu kikiwa chekundu, Kihindi husema *lal kitab*, sifa mbele. Hapo Kiingereza na Kihindi wako pamoja, sisi ndio tuliogeuza.

Kinachotofautiana ni mahali pa neno linaloongoza kundi lake. Katika Kihindi kitenzi hufuata kinachotendwa, na *mein* (katika) na *par* (juu ya) hufuata nomino. Mambo haya mawili huenda pamoja katika lugha nyingi. Mwanaisimu Joseph Greenberg alilinganisha lugha 30 katika makala yake ya mwaka 1963, akaona kwamba lugha zinazoweka kitenzi mwisho kwa kawaida huweka na vihusishi nyuma ya nomino. Kijapani na Kituruki hufanya hivyo. Kiajemi hakifuati mkumbo: kitenzi chake huja mwisho, lakini vihusishi vyake vingi hutangulia nomino.

Dhana: *Mein* ni kiambishi tu, kama -ni ya nyumbani.

Mswahili huvutwa sana na wazo hili, na kwa kuanzia linasaidia. Lakini tazama *Ram aur Sita ko*, yaani kwa Ram na Sita. *Ko* moja imewatosha wote wawili. Jaribu hivyo na -ni: huwezi kusema "nyumba na shuleni" ukimaanisha nyumbani na shuleni. Ndiyo maana *ko* huandikwa mbali na nomino. Ni neno linalosimamia kundi zima lililotangulia. Kwenye viwakilishi tu ndipo huungana, kama *mujhko*, kwangu mimi.

Dhana: Ukishaweka kihusishi nyuma ya nomino, kazi imekwisha.

Wanafunzi wengi hukwama hapa, na kosa lao husikika mara moja. Chumba ni *kamra*. Chumba cha Ram ni *Ram ka kamra*. Ongeza *mein*, na maneno mawili yaliyo mbele yake hubadilika: *Ram ke kamre mein*. Kihusishi huja mwisho, lakini nguvu yake hurudi nyuma hadi kwenye nomino na vinavyoambatana nayo. Anayesema *Ram ka kamra mein* ataeleweka, ila kila msikilizaji atajua ni mgeni.

Mtego wa kwanza ni kwamba *kamre* ikisimama peke yake yaweza kuwa "vyumba". Mbele ya *mein* ni chumba kimoja. Vingi ni *kamron mein*. Mtego wa pili ni *ghar*, nyumba. Neno hili katika umoja halibadiliki hata chembe, kwa hiyo mtu hudhani hakuna la kufanya. Lakini *Ram ka ghar* huwa *Ram ke ghar mein*. Nomino imetulia, ila *ka* iliyo mbele yake imegeuka *ke*. Ukitaka kujipima, tazama *ka* hiyo badala ya nomino.

*Ka* yenyewe isimtishe msomaji wa Kiswahili. Ni kama a-unganifu yetu: hupatana na kinachomilikiwa, wala haipatani na mwenye mali. Kaka yake Ram ni *Ram ka bhai*, dada yake ni *Ram ki bahan*, kama tunavyosema kiti cha Juma na meza ya Juma. Nionavyo, Mswahili ana mwanzo mzuri kuliko Mwingereza hapa, maana upatanisho wa namna hii si jambo geni kwake.

Dhana: Mpangilio wa Kihindi haugusiki.

*Sita ne Ram ko dekha* ni Sita alimwona Ram. *Ram ko Sita ne dekha* ni vilevile Sita alimwona Ram, mkazo tu ndio umehama. *Ne* inamtambulisha aliyeona na *ko* aliyeonwa, kwa hiyo makundi yana ruhusa ya kubadilishana nafasi. Ila *ko* haiwezi kumtangulia Ram, hata mzungumzaji azihamishe sehemu nyingine atakavyo.