Picha kali mbali, picha iliyonolewa mbali

Kijana mmoja aliingia dukani kwangu juzi na picha ya babu yake kwenye simu. Alitaka nimchapishie inchi 12 kwa 18, itundikwe sebuleni. Mzee amekaa kivulini chini ya mbuyu pale Mama Ngina, Mombasa, saa saba mchana, na nyuma yake bahari inawaka. Kanzu nyeupe, kofia ya viua, ndevu nyeupe, mikono miwili imelalia bakora. Amekaa vizuri kweli. Uso wake lakini ulikuwa umeparara, kama mtu aliyetoka kuoga maji ya chumvi akakauka juani bila kujipaka mafuta. Kila kunyanzi imechorwa kama kwa kalamu, ndevu zimekuwa waya, na kando ya shavu, pale uso unapokutana na bahari, pana kiutepe cheupe kisichokuwako duniani.

"Ami, picha kali hiyo," akaniambia, "lakini hebu inoe kidogo tena."

Neno hilo nalisikia kila wiki, na kila wiki nalinyamazia. Leo naliandikia.

Kunoa picha ni kuongeza tofauti ya mwanga na kiza pale ambapo vitu viwili vinapakana, ili jicho lione mpaka umekatika zaidi. Basi, ni hilo tu. Hakuna unywele mpya unaoletwa na kunoa.

Kinachotuchanganya ni kisu. Kisu kikinolewa huwa kikali, kwa hivyo tunadhani na picha ikinolewa huwa kali. Tena neno kali lenyewe limebeba mizigo mingi: jua kali, siki kali, mbwa mkali, macho makali, na siku hizi vijana wakisema "picha kali" wana maana tu kwamba imewapendeza. Kwa mpiga picha ukali ni kitu kimoja: lenzi imelenga barabara, mkono haukutikisika, na mwanga ulitosha hadi unywele wa nyusi ukaingia kwenye kamera ukiwa unywele. Ukali hupatikana wakati wa kupiga. Kunoa huja baadaye, na huweza kufanyiwa hata picha iliyofifia. Na angalia pale mfano wa kisu unapokufa: kinoo hukwangua chuma, kisu kikapungua kidogo ili kikate. Picha haikwanguliwi chochote. Inaongezwa mstari.

Hata wazungu walioipa mbinu hii jina hawakuiita kunoa. Ukifungua programu za picha utaona imeandikwa Unsharp Mask, yaani barakoa isiyo kali, na watu hushangaa kwa nini chombo cha kunolea kiitwe kisicho kali. Jina limetoka chumba cha giza, ambako mbinu yenyewe ilikuwa ikitumika tangu miaka ya 1930. Fundi alichukua negativu, akaitolea nakala hafifu iliyogeuzwa, weusi ukawa weupe, na kwa makusudi akaifanya nakala hiyo iwe na ukungu kwa kuweka nafasi ndogo kati ya filamu mbili. Kisha akazibandika pamoja na kuchapisha. Ule ukungu ulizima tofauti kubwa za mwanga lakini haukuweza kuzima vitu vidogo, kwa hivyo vidogo vikajitokeza. Barakoa ndiyo iliyokuwa na ukungu. Kompyuta hufanya vilevile kwa hesabu, na hesabu yake inafaa kuonwa mara moja, kwa sababu hapo ndipo kiutepe cheupe cha shavuni kinapozaliwa.

Kila nukta ya picha ina namba ya mwangaza, kutoka 0 ambayo ni giza hadi 255 ambayo ni nyeupe kabisa. Tuseme bahari ni 200 na shavu la mzee ni 60. Tukivuka kutoka bahari hadi shavuni tunapata 200, 200, 200, 130, 60, 60, 60. Chukua kila nukta uitafutie wastani wake na jirani zake wawili, uone imepishana vipi na wastani huo, kisha uiongezee robo tatu ya tofauti hiyo. Utapata 200, 200, 218, 130, 42, 60, 60. Bahari iliyogusana na uso imepanda hadi 218, na shavu lililogusana na bahari limeshuka hadi 42. Zile mbili ndizo ukali wa uongo. Ukiziona kwa mbali kwenye kioo cha simu unasema "kali". Kwenye karatasi ya inchi 18 unaona utepe.

Sasa kwa nini simu ifanye hivyo zaidi usoni, na zaidi penye jua? Simu nyingi za leo hazipigi picha moja. Hupiga fremu kadhaa kwa haraka na kuzichanganya, kisha huinua mwanga wa kivulini na kuushusha wa angani, kila sehemu kwa kipimo chake, ili vyote vionekane. Uso ukiinuliwa hivyo huwa bapa, kwa hivyo simu huurudishia nguvu kwa kukoleza tofauti ndogondogo: kunyanzi, vinyweleo, mng'ao wa kipaji. Kivulini kamera ilipata mwanga haba, kwa hivyo kuna chenga. Simu hufuta chenga, na ngozi laini hufutika nazo, kisha hunoa kilichosalia. Ndiyo maana uso huo huo huweza kuwa na mabaka ya nta shavuni na waya ndevuni. Na ngozi yetu nyeusi mbele ya bahari ya saa saba ina safari ndefu zaidi ya kuinuliwa, basi nasi ndio tunaoparazwa zaidi.

Hapa ndipo wengi hukosea mara ya pili. Wakishaona uso umeparara, hukimbilia kuulainisha: wanaupaka ukungu, au wanawasha kichujio cha urembo. Rudi kwenye namba zetu. Ukiitia ukungu ile safu iliyonolewa, kwa wastani uleule wa nukta tatu, 218 inashuka hadi 183, lakini jirani yake aliyekuwa 200 anapanda hadi 206, na upande wa shavu 60 inashuka hadi 54. Utepe haukuondoka. Umehama na kupanuka, na mpaka halisi wa uso umelegea. Sumu na dawa zimemwagwa pamoja.

Kinachotakiwa ni kupunguza tofauti za ukubwa uleule ambao simu ilizikoleza, bila kugusa zilizo kubwa wala mipaka mikuu. Kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, kuna vitelezi viwili vinavyokaribia sana jambo hilo, na vyote huenda chini ya sifuri. Texture hushika vitu vidogo kama vinyweleo na mikunjo myembamba. Waliokitengeneza, kikatoka 2019, walianza wakitafuta njia ya kulainisha ngozi, ndipo wakaona kinafaa pande zote mbili. Clarity hushika vikubwa zaidi, kama kivuli cha chini ya jicho na bonde la shavu.

Kwa picha ya mzee nilianza kwa kuhakikisha kunoa kwa programu yenyewe kuko sifuri, maana faili ya JPEG ya simu imeshanolewa tayari. Kisha nikachora maski, yaani eneo ambalo vitelezi vitaligusa, kwa brashi juu ya ngozi ya uso peke yake, nikiacha macho, kofia na kola ya kanzu. Kofia sikuigusa kabisa: matundu ya viua ni kazi ya sindano, na humo kule kunoa hakukudhuru kitu. Ndani ya maski nikashusha Texture hadi -35 na Clarity hadi -15. Ndevu nikazipa maski yao, Texture -20 tu, kwa sababu zikishushwa sana huwa pamba. Halafu nikashusha Shadows ya uso hadi -20. Hatua hii watu huisahau. Uso uliokaa kivulini ukirudishiwa kidogo giza lake, nusu ya ule ukavu huondoka wenyewe, kwa kuwa jicho halioni tena uso unaong'aa mahali ambapo hapana mwanga.

Utepe wa shavuni hautii vitelezi. Niliupeleka kwenye GIMP, programu nyingine ya picha, nikachukua chombo cha Clone, nikakiweka katika hali ya Darken only, nikachota bahari iliyo nje kidogo ya utepe na kupitisha juu yake. Katika hali hiyo brashi hugusa tu nukta zilizo nyeupe kuliko ulichochota, kwa hivyo 218 inarudi 200 na shavu la 60 linabaki salama hata mkono ukiteleza. Dakika tano.

Kuna kisichorudi. Pale juu ya bega bahari ilikuwa karibu 250. Kunoa kulipoipandisha hadi 274, faili haina namba hiyo, ikakatwa kwenye 255, na kilichokatwa hakijulikani tena. Mabaka ya nta pia hayana ngozi chini yake ya kufunuliwa. Hapo niliweka Grain, yaani chenga za kutiwa makusudi, kidogo, 15, picha nzima, ili mabaka yasitengane na mengine. Ni kiraka, na nasema ni kiraka.

Nilijuaje pa kusimama? Niliangalia mikono juu ya bakora. Mikono ile sikuipaka maski, na simu haikuikoleza sana kwa kuwa ilipata mwanga wa kutosha. Uso ukiwa laini kuliko mikono ya mtu yuleyule, umepita. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye -60, na mzee alikuwa na uso wa miaka arobaini juu ya mikono ya miaka themanini. Nikarudi.

Kijana alipokuja kuichukua aliishika kwa mbali, kisha karibu. "Ami, mbona huku haijanolewa, lakini babu ndiye hasa?" Nikamwambia ikiwa mzee yuko radhi, Ijumaa waende tena Mama Ngina, jioni, amgeuze bahari iwe ubavuni na si mgongoni, na kwenye kamera achague RAW ili faili ije kwangu kabla simu haijamnoa babu yake. Akaniuliza kama hapo ndipo itakuwa kali. Nikamwambia hapo, akishika simu bila kutikisika, naam, hapo neno lake litakuwa mahali pake.