Kwa nini picha ya pasipoti humkataa mwenye sura yake

Mtu anapopiga picha ya pasipoti katika studio iliyo jirani na Soko la Majengo, hapa Dodoma, si ajabu akalalamika kwamba uso wake umetoka umepinda, ilhali rafiki aliyemsindikiza haoni kasoro yoyote. Kila mmoja analinganisha picha hiyo na uso aliouzoea, na nyuso hizo mbili si moja.

Tuseme ni binti mwenye kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Kwenye kioo kovu hubaki upande wa mkono wake wa kushoto; kwenye picha huhamia kulia, mahali ambapo rafiki yake amekuwa akiliona siku zote. Kwa kuwa hakuna uso ambao pande zake zinalingana kabisa, kugeuzwa huko hutosha kumfanya ajione mgeni. Mwaka 1977, watafiti wa Marekani Mita, Dermer na Knight waliwaonyesha wanawake picha zao za kawaida pamoja na zilizogeuzwa kama kioo. Wenyewe walielekea kupenda zilizogeuzwa, na marafiki zao wakapenda za kawaida.

Selfi huongeza tatizo jingine, nalo ni umbali. Chukulia kwamba simu iko sentimita 30 kutoka ncha ya pua, na masikio yako sentimita 12 nyuma yake, yaani sentimita 42 kutoka kwenye simu. Ukigawa 42 kwa 30 unapata 1.4: pua imekuzwa kwa asilimia 40 zaidi ya masikio. Mpigapicha akisimama mita moja na nusu, tofauti hiyo hushuka hadi asilimia 8. Wengi huilaumu pua yao, wakati lawama ni ya urefu wa mkono.

Hata hivyo, kioo na kamera havielezi kila kitu, kwa sababu kumbukumbu nayo ina upendeleo wake. Epley na Whitchurch, katika utafiti wa mwaka 2008, walichanganya picha za washiriki na nyuso za kuvutia au zisizovutia hadi zikawa sura moja, kisha wakawataka watambue sura zao halisi. Wengi walielekea kuchagua zilizopendezeshwa. Matokeo haya ni mwelekeo wa jumla. Wapo wanaojiona wabaya kupita kiasi, na anayeshinda mbele ya kioo akikagua kasoro ambayo wengine hawaioni, hadi akaacha masomo au kazi, anapaswa kumwona mtaalamu wa afya ya akili.

Kwa picha ya kitambulisho, basi, simama mita moja na nusu au zaidi kutoka kwenye kamera, piga kadhaa, kisha mwachie mwingine achague. David White na wenzake nchini Australia waligundua kwamba picha zilizochaguliwa na watu wasiomfahamu mhusika zilirahisisha kumtambua kuliko alizojichagulia mwenyewe.