Nyoka mla mayai, mnyonge mwenye sura ya kifutu

Dhana: Nyoka mwenye kichwa cha pembetatu ana sumu.

Mla mayai hana sumu, na meno yake ni kama hayapo. Humeza yai zima la ndege, hulipasua kooni kwa ncha za mifupa ya uti wa mgongo, kisha hutapika ganda. Lakini akitishwa hubapaza kichwa mpaka kikawa pembetatu, hufunua kinywa cheusi na kusugua mapindi ya mwili wake. Magamba ya ubavuni yana kingo kama meno ya msumeno, hivyo husikika mchakacho kama wa maji yanayodondokea kikaango cha moto. Hivyo hasa ndivyo afanyavyo kifutu mdogo wa nchi kavu za kaskazini mwa Kenya, ambaye sumu yake huua. Koboko, naye, ana kichwa kirefu chembamba, wala hakuna anayemwita mpole.

Dhana: Tazama mboni, ya duara ni salama, ya mwanya ni hatari.

Hapa ndipo kanuni inapogeuka juu chini. Mla mayai asiye na madhara ana mboni iliyosimama kama mwanya. Jamaa ya kifutu anayeitwa kifutu wa usiku, ambaye mla mayai humfanana kwa madoa ya mgongoni, ana mboni ya duara, na akiuma huleta maumivu makali na uvimbe. Anayeifuata kanuni hii atamuua asiye na kosa na kumshika mwenye sumu. (Isitoshe, nani anasogea karibu hivyo kuangalia jicho?)

Dhana: Piga picha, programu ya simu itakuambia.

Chukulia picha ya jioni, imepigwa kutoka juu, hatua tano mbali. Inaonekana rangi ya kahawia, madoa meusi mgongoni na alama ya V. Programu inaandika Causus rhombeatus, yaani kifutu wa usiku. Si ajabu: imepewa rangi na umbo tu, na hivyo ndivyo mla mayai alivyoviiga.

Kinachowatenganisha kiko kwingine. V ya kifutu wa usiku kwa kawaida ni nzito, iko juu ya kichwa, na ncha yake inafika kati ya macho. Ya mla mayai huonekana zaidi shingoni. Magamba ya mla mayai yanakwaruza, ya mwenzake ni laini kama mahameli. Picha iliyotikisika hufuta yote mawili.

Kwa wadudu ni vilevile. Yule nzi wa maua mwenye mistari ya nyigu ana mbawa mbili, nyigu ana nne, ila kwenye picha mbawa zikipiga huonekana ukungu tu. Hapo tazama vipapasio: vya nzi ni vifupi mno, vya nyigu ni virefu.

Kwa nyoka, vuta picha kwa zumu ukiwa mbali, moja ya kichwa na moja ya ubavu. Na kama ameshauma, acha picha, nenda hospitali.