Mtoto kiziwi hufundishwaje kuhusu Mungu asiyeonekana?

"Kama mtoto hasikii, na Mungu haonekani, mwalimu wa dini anaanzia wapi?"

Anaanzia kwenye picha, lakini hakai hapo. Picha huonyesha kilichotendeka. Jambo lenyewe la dini, yaani kuamini, kutubu, kusamehe au kunuia, huwa nyuma ya tendo, na humfikia mtoto kwa igizo, kwa alama na kwa maneno machache yaliyochaguliwa kwa makini.

Hatari ya kuishia kwenye picha na matendo ilijulikana zamani. Mwaka 1703 taarifa ilifika kwenye Akademia ya Sayansi ya Paris kuhusu kijana wa mji wa Chartres, kiziwi tangu kuzaliwa, aliyeanza ghafla kusikia na baadaye kusema. Wanateolojia wakamwendea mbio kumuuliza alikuwa akimfikiria Mungu vipi. Ikaonekana hakuwa akimfikiria. Alikuwa akienda misa, akipiga ishara ya msalaba na kupiga magoti kama waumini wengine, lakini matendo hayo hayakuwa na nia yoyote ndani yake. Waliomtazama kanisani wangeweza kudhani ni Mkristo aliyefundwa vizuri.

Miaka kama 60 baadaye, katika mji huohuo wa Paris, padri mmoja alikuwa akiwafundisha dini dada wawili viziwi kwa kuwaonyesha picha zilizochapwa. Padri huyo akafariki. Aliyewapokea, Charles-Michel de l'Épée, aliona kwamba picha peke yake ni njia dhaifu. Akaanza kutumia alama za mikono, na kwa maneno yasiyo na sura akabuni utaratibu wa kuyafumua. Chukua neno "nasadiki". Kwanza alijionyesha mwenyewe: mimi. Kisha akagusa paji la uso na kuitikia: nasema ndiyo kwa akili. Akagusa kifua: nasema ndiyo kwa moyo. Akagusa mdomo: nasema ndiyo kwa kinywa. Mwisho akagusa macho na kukataa: sioni kwa macho yangu. Mtoto aliyekwisha kupata vipande hivyo vinne ndipo alipopewa alama moja fupi ya kuvibeba vyote. Si lazima leo tutumie alama zake zilezile, lakini mpangilio wake bado unafaa: vipande kwanza, neno baadaye.

Sasa tuingie darasani. Mada ni msamaha, kisa ni cha mwana mpotevu katika Luka 15, kipindi ni cha dakika 40. Watoto wameketi nusu duara ili kila mmoja amwone mwalimu na awaone wenzake. Mwalimu hasimami mbele ya dirisha, maana mwanga ukitoka nyuma yake uso unakuwa kivuli, na katika lugha ya alama uso ni sehemu ya sentensi. Ana picha nne: mwana akipokea mali, mwana akitapanya, mwana akilisha nguruwe, baba akimkimbilia. Anainua picha ya kwanza, mkono mwingine ukiwa kimya, na anasubiri. Anaishusha, ndipo anaeleza. Walimu wanaosikia hukosea sana hapa, kwa kuwa wamezoea kuongea huku wakionyesha. Mtoto kiziwi hana macho ya ziada. Akitazama picha, alama zinampita.

Baada ya picha ya tatu mwalimu anaificha ya nne na kuuliza: akirudi nyumbani, baba atafanya nini? Aghalabu mikono inajibu haraka: atapigwa, atafukuzwa. Majibu hayo ni ya thamani, kwa sababu yanaonyesha kwamba watoto wamelielewa kosa. Asiyeona kosa hawezi kuelewa msamaha. Mtoto mmoja anaigiza mwana, mwingine baba, kisha picha ya nne inatolewa, nao wanaona baba akikimbia na kukumbatia. Alama ya kusamehe inafundishwa sasa hivi, haikutangulia kisa. Anapoeleza tena, mwalimu humweka baba upande wa kulia na mwana upande wa kushoto hewani, na kila anapowataja hurudi upande uleule, asije akawachanganya.

Ubaoni yanaandikwa maneno matatu tu: kosa, rudi, samehe. Halafu sentensi: "Mwana alikosa. Mwana alirudi. Baba alimsamehe." Mwalimu mzuri bado haandiki "Mwana alisamehewa". Mtoto anayejifunza Kiswahili kwa macho tu huona nafasi ya kwanza ya sentensi na kudhani huyo ndiye mtendaji. Vijiherufi viwili vilivyoongezwa mwishoni mwa neno vinageuza maana yote, naye hana sikio la kumshtua. Kauli ya kutendwa ina kipindi chake.

Kuuliza "mmeelewa?" ni kupoteza muda. Vichwa vyote vitaitikia. Jaribio la kweli ni kutoa picha mbili mpya. Katika moja, msichana anavunja kwa hasira kalamu ya ndugu yake. Katika nyingine, upepo unapeperusha karatasi zake. Mtoto anayeigiza kukumbatia kwenye picha zote mbili amekariri mwisho wa kisa. Anayeonyesha kwamba upepo hausamehewi, kwa kuwa hakuna aliyekosa, ameshika somo.

Mafumbo ya Maandiko nayo yana mitego. "Mwanakondoo wa Mungu" pamoja na picha ya kondoo humfanya mtoto aamini kwamba Yesu alikuwa mnyama. "Moyo safi" huleta sabuni na maji. "Baba aliye mbinguni" pamoja na mchoro wa mzee mwenye ndevu juu ya wingu ni kosa la kudumu, kwa sababu picha ya kwanza haitoki kirahisi. Binafsi ningeufungia mchoro huo kabatini. Fumbo linaweza kungoja mpaka maana yake ya wazi iwe imekaa.

Mwalimu wa Kiislamu hana mtego huo wa mchoro, kwani Mwenyezi Mungu hachorwi. Picha zake ni za Kaaba, za msala, za hatua za udhu kuanzia viganja hadi miguu. Swala nayo inaonekana: mtoto huwafuata wenzake kwa macho, na anapokuwa kwenye sijida huhisi aliye kando yake akiinuka. Lakini hapo ndipo alipokwama yule kijana wa Chartres. Rakaa zinaweza kutimia bila nia. Njia moja ya kuidhihirisha nia ni kadi za jua: likianza kupinduka, likishuka, likizama. Kabla ya kuinua mikono, mtoto anachagua kadi ya swala anayokusudia, adhuhuri, alasiri au magharibi. Akiokota yoyote iliyo karibu, mwalimu anajua mwili umefika na kusudio bado.

Kuna watoto ambao hatua zote hizi ni mapema kwao. Wengi wa viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na wako wanaofika shuleni wakiwa na miaka minane au zaidi bila lugha yoyote kamili, isipokuwa ishara chache za nyumbani za kula, kulala na kuja. Kwa hao mwalimu huanza na ishara zao hizohizo na matukio ya darasani, kama nani alichukua, nani alirudisha, nani alikasirika, na "nasadiki" itangoja. Na alama inapokosekana, mwalimu asijitungie ya kwake. Shule ya kwanza ya viziwi Tanzania ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki, na leo wapo viziwi watu wazima, Wakristo na Waislamu, wenye alama wanazotumia katika ibada. Hao ndio wa kuulizwa kwanza, maana alama iliyozaliwa darasani mwa mwalimu mmoja itamwacha mtoto bila wa kuelewana naye siku atakapoingia kanisani au msikitini.