Taa imesimama wapi? Dhana potofu kuhusu prompti ya jukwaa la muziki

Tuchukue kazi moja: bango la usiku wa taarabu, jukwaa la wazi ufukweni Malindi. Picha inayotakiwa ni taa za jukwaani zikipepea huku na huko, miale ikionekana hewani ndani ya moshi mwembamba, na hadhira imebaki maumbo meusi tu, bila sura ya mtu hata mmoja. Jukwaa lenyewe halijajengwa bado, kwa hiyo mtengeneza bango anaiomba picha hiyo kwa programu ya akili mnemba, kwa maelezo ya maneno yaitwayo prompti. Jaribio la kwanza huwa kama hili:

```
concert stage, amazing spotlights, smoke, dark crowd, no faces, 8k, masterpiece
```

Mara nyingi kinachorudi ni umati uliogeukia kamera, nyuso zinang'aa, na moshi umejazana sakafuni kama povu la mawimbi. Mtu hulaumu programu. Lakini ukiisoma prompti tena neno kwa neno, utaona imeleta karibu kila kilichoandikwa.

Dhana: Hadhira huwa nyeusi kwa kuandika kwamba ni nyeusi.

Weusi wa hadhira hautokani na hadhira. Unatokana na mahali taa iliposimama. Mtu huwa umbo jeusi pale mwanga mkali unapokuwa nyuma yake na upande wake unaoelekea kamera haupati mwanga wowote. Basi prompti inatakiwa iseme mambo mawili ambayo jaribio la kwanza halikusema: kamera iko wapi, na taa zimeelekea wapi. Kamera iwe nyuma ya umati, ikitazama jukwaa. Taa ziwe nyuma ya wanamuziki, zikielekea kamera. Hapo migongo ndiyo itakayoonekana, na migongo hiyo haina kinachoiangaza. Neno `dark crowd` peke yake haliipi programu sababu ya giza, nayo hujichagulia mwanga wa kawaida na umati unaotazama mbele, kwa kuwa picha nyingi za umati ilizojifunza ndivyo zilivyo.

Mpango huohuo wa taa ndio unaoleta miale, na hapa ndipo wengi wanapoyatenganisha mambo yasiyotengana. Ingia jiko la makuti asubuhi, kuni zikifuka moshi. Jua likipenya kwenye tundu la paa, linachora mwale ulionyooka mpaka sakafuni. Simama ukilitazama lile tundu: mwale unawaka. Zunguka, ulipe jua mgongo, uutazame mwale uleule: umefifia. Chembe za moshi hutawanya mwanga zaidi kwenda mbele, kule mwanga unakoelekea, kuliko kuurudisha ulikotoka. Ndiyo maana taa zinazomulika kuelekea kamera hutoa miale mikali, na taa zilizo upande wa kamera hutoa miale hafifu huku zikiangaza migongo ya watu na kuharibu maumbo meusi. Ukiweka taa mahali pake, umepata yote mawili kwa sentensi moja.

Kuna gharama yake. Wanamuziki nao wana taa nyuma yao, kwa hiyo nao watakuwa weusi. Kama bango linahitaji uso wa mwimbaji uonekane, ongeza taa moja tu ya rangi ya joto kutoka juu kushoto, na useme inamwangukia mwimbaji peke yake. Ukiandika tu kwamba jukwaa limeangazwa, mwanga utamwagika mpaka kwenye vichwa vya safu ya kwanza.

Dhana: Moshi ni moshi.

Kwenye majukwaa kuna mashine za aina mbili, na picha zake zimeingia kwenye mafunzo ya programu hizi kwa majina tofauti. Moja hutoa moshi mzito unaotoka kwa mafungu na kujikusanya. Kiingereza chake ni `fog`. Nyingine hutoa ukungu mwembamba uliosambaa sawasawa, ambao huuoni mpaka taa iwashwe. Huo ndio `haze`. Miale mirefu yenye kingo safi inataka ukungu wa pili. Moshi mzito unakuwa ukuta mweupe: taa hugonga ukuta huo na kuishia hapo, na jukwaa hupotea nyuma yake. Neno `smoke` lina hatari zaidi, kwani linaweza kuleta moshi wa moto. Andika `thin even haze`, na uache kuongeza maneno mengine ya moshi juu yake.

Ufukweni kuna jambo la ziada. Upepo wa kusi haumwachi mtu na ukungu uliotulia; mashine inapuliza, upepo unachukua. Programu haijui hilo, nayo itachora hewa tulivu kama ya ukumbini. Ukitaka bango lisiahidi kisichoweza kutokea, ongeza kwamba ukungu unasukumwa upande mmoja, na ukubali miale ionekane upande huo zaidi kuliko mwingine. Kwa macho ya watu wa pwani, picha hiyo ina ukweli zaidi.

Dhana: Ukitaka jambo lisiwepo, andika kwamba lisiwepo.

Programu za familia ya Stable Diffusion husoma maneno kwa kutumia kisomaji kiitwacho CLIP, na kisomaji hicho ni dhaifu sana kwenye ukanushaji. Ukiandika `no faces`, neno lenye uzito ni `faces`, na umeziita nyuso mwenyewe. Pale programu inapotoa kisanduku cha pembeni cha visivyotakiwa, andika neno hilo humo, bila `no` mbele yake. Midjourney ina njia yake:

```
--no faces
```

Hata hivyo, dawa bora ni kueleza kilichopo badala ya kisichokuwepo. Umati ulioonekana kwa nyuma hauna nyuso za kukanushwa.

CLIP hiyohiyo ina kikomo: inasoma vipande 77 vya maneno kwa mkupuo, na viwili kati yake ni alama za mwanzo na mwisho. Kinachozidi hukatwa, au hugawiwa kwenye fungu jingine, kulingana na programu uliyonayo. Kwa hiyo `8k` na `masterpiece` zinakula nafasi ambayo taa zilikuwa zinaihitaji. CLIP pia ilifundishwa kwa maelezo ya Kiingereza, na ndiyo sababu prompti hizi huandikwa kwa lugha hiyo. Programu za mazungumzo hupokea Kiswahili vizuri zaidi, lakini mpango wa taa unabaki uleule.

Hii hapa prompti ya bango letu, maneno 51, yakianza na lililo muhimu:

```
Photo from the back of a crowd, facing a concert stage at night.
Stage lights behind the musicians aim at the camera, narrow amber
and blue beams fanning through thin even haze. Crowd seen from behind
as black silhouettes, brimless flat-topped caps and headscarves,
thin rim light. Bottom third solid black.
```

Rangi ni mbili tu, manjano ya kaharabu na buluu, kwa sababu miale ya rangi nyingi ikipishana huchanganyika na kuwa weupe usio na umbo. Theluthi ya chini ni nyeusi kabisa kwa makusudi: ndipo patakapoandikwa tarehe na kiingilio kwa herufi nyeupe, kwenye programu ya kuhariri, maana maandishi marefu yanayochorwa pamoja na picha mara nyingi huharibika.

Angalia pia kofia. Neno `caps` peke yake linaweza kuleta kapelo zenye ukingo mbele, na Malindi ikawa uwanja wa mpira wa nchi nyingine. Kofia ya viua kwa umbo jeusi ni duara fupi lenye juu bapa, basi elezea hivyo. Katika picha isiyo na nyuso wala rangi za nguo, mahali panatambulika kwa mistari ya nje tu: kofia, mitandio, mnazi mmoja pembeni. Kuandika jina la mji kunasaidia kidogo sana kuliko hivyo vitatu.

Dhana: Weusi huficha makosa.

Huyaficha ya nyuso na nguo. Ya umbo huyaanika, kwa kuwa mstari wa nje ndio kitu pekee jicho linachobaki nacho. Mkono usio na mwenyewe, vichwa viwili juu ya shingo moja, vidole saba dhidi ya mwanga wa buluu, vyote huonekana kutoka mbali. Makosa haya hukaa zaidi kwenye mikono iliyoinuliwa. Hadhira ya taarabu haihitaji msitu wa mikono. Iombe mitatu au minne, kisha upake upya eneo dogo lenye kasoro badala ya kutupa picha nzima.

Na weusi wenyewe unadanganya. Stable Diffusion 1.5 inajulikana kwa hili: inaanza kuchora kutoka kwenye chengachenga ambazo wastani wa mwanga wake ni kijivu cha kati, na jinsi ilivyofundishwa inaufanya wastani huo ung'ang'anie mpaka mwisho. Usiku wake unatoka kijivu. SDXL, toleo lililofuata baadaye, ilifundishwa kwa njia iliyopunguza tatizo hilo. Kuna namna rahisi ya kukagua: fungua picha kwenye kihariri, uinue mwanga wa sehemu za giza kwa nguvu. Ukiona pua na macho yakijitokeza ndani ya migongo, umati wako bado una mwanga. Rudisha mwanga ulipokuwa, kisha kwenye kipimo cha 0 hadi 255 sogeza mwanzo wa weusi kutoka 0 hadi 20 au 30. Sura zitazama na miale itabaki, maana yenyewe iko juu zaidi ya hapo. Fanya hivi kabla ya kupeleka bango kuchapishwa, kwani karatasi ikipigwa na jua la mchana huonyesha kijivu ambacho simu ilikificha.

Dhana: Neno la mwendo huleta mwendo.

Kwenye picha tuli, `sweeping` haina pa kwenda. Programu inaweza kupinda mwale kama kamba, na mwanga haupindi. Mwendo uonyeshe kwa pembe: miale iliyotanuka kama kipepeo cha ukindu, mingine ikipishana.

Kwenye video, tenganisha kinachotembea na kilichotulia, la sivyo kamera ndiyo itakayozunguka badala ya taa:

```
Camera locked. Beams sweep slowly left to right, once.
```

Kwa kipande cha sekunde 5, mpito mmoja unatosha. Ikiombwa mitatu, miale huanza kuruka. Ukikagua, tazama mzizi wa kila mwale. Ncha yake inatakiwa itembee huku mzizi umeganda kwenye taa yake. Mzizi ukiteleza kando kwenye fremu ya hamsini au sitini, kata video kabla ya hapo na utumie kipande kilicho salama.