Barua ya darasa kwa mwalimu: kiini kinapopata karanga zake

Siku ya Walimu Duniani huadhimishwa tarehe 5 Oktoba tangu mwaka 1994. Nikiwa mwalimu wa Kiswahili hapa Dodoma, mimi husaidia darasa kuandika barua kwa mwalimu wao wa Hisabati. Muundo si tatizo, kwa kuwa hii ni barua ya kirafiki yenye anwani moja juu upande wa kulia, tarehe chini yake, salamu, kiini na mwisho. Kazi iko kwenye kiini, kwa sababu darasa likiulizwa lingependa kusema nini, litajibu kwa pamoja, "Tunakushukuru kwa kutufundisha vizuri", sentensi ambayo unaweza kumpelekea mwalimu yeyote wa shule yoyote bila kubadilisha neno.

Kwa hiyo sianzii ubaoni. Kila mwanafunzi hupewa kipande cha karatasi ajibu swali moja, bila kuandika jina: mwalimu alifanya nini, siku gani, ukaelewa jambo ambalo hukulielewa? Majibu mengi huwa mafupi na makavu, lakini hutokea mmoja akaandika, "Alileta karanga." Hapo ndipo pa kuchimba. Karanga ngapi? Kumi na mbili. Alizifanyia nini? Alizigawa mafungu matatu yaliyo sawa, akauliza theluthi moja ni karanga ngapi. Wakishajibu hivyo, aya imekwisha kujiandika yenyewe, nami huinakili ubaoni kwa maneno yao.

Neno "sisi" nalo lina mtego wake, maana barua ikidai kwamba wote walielewa, wale ambao bado wanahangaika na hesabu za sehemu watakuwa wametiwa sahihi kwenye uongo. Dawa yake ni "baadhi yetu". Vivyo hivyo, jambo linalowasumbua linaweza kusemwa kwa adabu, mradi liwe moja na mwalimu awe na uwezo wa kulirekebisha. Uchache wa madawati hauna nafasi humu, kwani si yeye anayeyanunua.

Barua ya namna hiyo husomeka hivi:

"Mpendwa Mwalimu,

Shikamoo. Leo ni siku ya walimu, nasi tunakuandikia kukushukuru. Tunakumbuka siku uliyoleta karanga 12 ukazigawa mafungu matatu. Tulihesabu fungu moja tukapata karanga 4. Baadhi yetu tulielewa theluthi siku ile. Wengine bado tunakosea, lakini hatuogopi kukuuliza, kwa sababu hutucheki. Tunaokaa nyuma tunaomba uandike kwa herufi kubwa zaidi. Karanga tulizila na zilikuwa tamu.

Ni sisi wanafunzi wako,
Darasa la Tano."

Sentensi ya karanga kuliwa ndiyo ambayo walimu wenzangu hupenda kuifuta, wakisema haina uzito. Mimi huiacha, kwa kuwa ni ya watoto wenyewe. Kabla ya kunakili nakala safi, barua husomwa kwa sauti mbele ya darasa zima, na mwanafunzi yeyote anayeona sentensi fulani si kweli kwake hunyoosha mkono ili irekebishwe.